BIOS ya zamani na UEFI: mwongozo kwa anayefungua Setup kwa mara ya kwanza

Laptopu ya HP inawashwa, inakaa sekunde chache, kisha inaandika hivi kwenye skrini nyeusi:

```
Boot Device Not Found
Please install an operating system on your hard disk.
Hard Disk - (3F0)
```

Wengi wakiona maneno haya hukata tamaa hapohapo. Mashine hubebwa hadi kwa fundi, na mara nyingi hurudi ikiwa imefomatiwa, picha na kazi za mwenyewe zimekwenda. Ni kweli kwamba diski mbovu inaweza kuleta ujumbe huu. Lakini diski nzima kabisa nayo huuleta, pale ambapo mtu aliingia kwenye Setup, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya Windows, akabadilisha neno moja kutoka `Legacy` kwenda `UEFI`, au kinyume chake. Hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa kabla vidole havijagusa kitu kwenye ukurasa ule.

Tofauti iko kwenye namna ya kuutafuta mfumo

Ukibonyeza batani ya kuwasha, Windows bado haipo kazini. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya mazabodi. Inaikagua ramu, kibodi, skrini na diski, halafu inatafuta mfumo wa kuuanzisha. BIOS na UEFI zote zinafanya kazi hiyo. Zinapishana kwenye hatua ya mwisho.

BIOS ni mtindo uliokuja na kompyuta ya IBM PC mwaka 1981. Haijui mafaili wala mafolda. Inakwenda moja kwa moja mwanzo kabisa wa diski, inasoma baiti 512 tu, na kukabidhi kazi kwa maagizo mafupi iliyoyakuta humo. Kipande hicho kinaitwa MBR. Ndani yake kuna pia jedwali la kugawa diski, nalo lina nafasi nne tu. Namba zake haziwezi kuhesabu zaidi ya TB 2 kwa diski ya kawaida, ndiyo maana ukiweka diski ya TB 4 kwa mtindo huu, nusu yake haitumiki.

UEFI inasoma mafaili. Inatafuta sehemu ndogo ya diski iliyofomatiwa kwa FAT32, ambayo Windows kwa kawaida huitengeneza kwa ukubwa wa MB 100, na humo inafungua faili lenye jina maalumu. Kwa Windows faili hilo ni `\EFI\Microsoft\Boot\bootmgfw.efi`. Mazabodi yenyewe hulikumbuka jina la faili hilo, ndiyo maana kwenye orodha ya kuwashia utaona `Windows Boot Manager`, au kwenye HP nyingi `OS Boot Manager`, badala ya jina la diski. Diski ya mtindo huu hugawanywa kwa jedwali linaloitwa GPT, na Windows inakubali hadi sehemu 128 humo.

Kwa hiyo Windows iliyowekwa kwa njia moja haionekani kwa njia nyingine. UEFI ikifika kwenye diski ya MBR iliyowekwa Windows kwa njia ya zamani, inatafuta faili lake, hailioni, inasema hakuna kitu. Data yote bado ipo palepale. Rudisha neno ulilobadilisha, mashine itawaka.

Neno lingine linalochanganya ni jina lenyewe. Kompyuta nyingi zilizotoka miaka kumi na kitu iliyopita zina UEFI ndani, hata kama ukurasa wake umeandikwa `BIOS Setup` kwa herufi kubwa. `Legacy` unayoiona humo ni UEFI inayojifanya BIOS ili mifumo ya zamani iweze kuwaka; kwenye mashine nyingine uwezo huo umeandikwa `CSM`. Intel ilitangaza mwaka 2017 kwamba ingeuondoa ifikapo 2020, ndiyo maana ukinunua laptopu mpya unaweza usilikute neno `Legacy` popote. Usitegemee rangi ya skrini pia. Kuna UEFI zinazotumia mausi na picha za kupendeza, na kuna nyingine za bluu na kijivu zilizofanana kabisa na BIOS ya mwaka 1995.

Uliza Windows kwanza

Kama mashine bado inawaka, usikimbilie Setup. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msinfo32`, kisha Enter. Tafuta mstari wa `BIOS Mode`. Ukiandikwa `UEFI`, Windows yako iliwekwa kwa njia mpya. Ukiandikwa `Legacy`, iliwekwa kwa njia ya zamani, hata kama mashine yenyewe ina uwezo wa UEFI.

Diski nayo ina jibu lake. Fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`, halafu andika:

```
diskpart
list disk
```

Angalia safu ya mwisho kulia, iliyoandikwa `Gpt`. Diski yenye alama ya nyota chini ya neno hilo ni GPT. Isiyo na nyota ni MBR. Andika `exit` utoke, wala usijaribu amri nyingine humo ndani, kwa sababu `diskpart` ina amri ya `clean` inayofuta mpangilio wote wa diski bila kukuuliza mara mbili.

Piga picha ya majibu hayo mawili kwa simu. Ni kinga yako: chochote kitakachotokea kwenye Setup, unajua pa kurudi.

Kuingia Setup

Zima mashine kabisa. Hapa kuna mtego: Windows 10 na 11 huwa haizimi kikamilifu, inalala nusu ili iwake haraka kesho yake, na wakati mwingine inapita haraka mno usiwahi kubonyeza kitu. Shikilia Shift huku ukibofya `Shut down`, nayo itazima kweli. Kisha washa, na papo hapo anza kugonga kitufe cha kuingilia, mara kwa mara, usikishikilie tu.

Kwa HP ni F10. Dell ni F2. Lenovo ThinkPad ni F1, na IdeaPad nyingi ni F2. Acer, Asus na Toshiba nyingi ni F2 pia. Kompyuta za mezani zilizoungwa na fundi mara nyingi ni Delete. Kwenye laptopu ndogo ambazo vitufe vya F vinafanya kazi ya sauti na mwanga, shikilia Fn pamoja nacho.

Kama Windows yako ni ya UEFI, kuna njia isiyohitaji mbio za vidole. Fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`, uandike:

```
shutdown /r /fw /t 0
```

Mashine itajizima na kujiwasha ikiwa ndani ya Setup. Ikikataa, huenda ni kwa sababu Windows iliwekwa kwa `Legacy`, na amri hii haina mahali pa kushika.

Kompyuta zilizotumika ambazo zinauzwa Arusha mjini, nyingi zikiwa zimetoka kwenye ofisi za Ulaya, huja na mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni lugha. Ukifungua ukakuta Kijerumani au Kifaransa, usiogope: tafuta kwa mishale ukurasa wenye orodha ya lugha, ambamo `English` huandikwa hivyohivyo kwa Kiingereza. Herufi za kibodi nazo huenda zimehama. Kwenye kibodi ya Kijerumani Y na Z zimebadilishana nafasi, na ukiweka neno la siri kwa kuangalia kibodi ya nyumbani utajifungia nje.

La pili ni zito zaidi: neno la siri lililoachwa na kampuni iliyokuwa ikiitumia mashine. Windows inawaka vizuri, muuzaji anakuonyesha kila kitu, kumbe Setup imefungwa. Kwenye laptopu za biashara za HP, Dell na Lenovo za miaka ya karibuni, kutoa betri hakulifuti neno hilo. Basi kabla ya kutoa pesa sema tu, “Kaka, naomba uizime tuingie kwenye Setup kwanza.” Ikiuliza `Administrator Password` na yeye hana, mashine hiyo hutaweza kuibadilisha kutoka `Legacy` siku utakapohitaji.

Ukishaingia, tembea kwanza bila kubadilisha kitu. Ukurasa wa `Main` unaonyesha aina ya prosesa, ramu na toleo la programu. Humo au karibu na hapo kuna diski. Hii ndiyo sehemu ya kuangalia ukipata ule ujumbe wa 3F0. Jina la diski likionekana pamoja na ukubwa wake, basi mazabodi inaiona, na mshukiwa wa kwanza ni `Legacy` au `UEFI`. Jina lisipokuwepo kabisa, tatizo ni diski yenyewe au pale inapochomekwa, na kubadilisha neno hakutasaidia.

Saa na tarehe ziko hapohapo. Tarehe mara nyingi huanza na mwezi, na saa huhesabiwa hadi 24 kuanzia usiku wa manane: saa mbili usiku ni 20:00, saa mbili asubuhi ni 08:00.

Kutoka bila kuhifadhi, bonyeza Esc na ukubali kuacha mabadiliko, `Ignore Changes` au `Discard Changes`. Kuhifadhi ni F10 kwenye mashine nyingi. Kama hukumbuki uligusa nini, toka bila kuhifadhi na uanze upya.

Mfano: HP ya `Legacy` inayotakiwa kwenda Windows 11

Msaada wa bure wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai UEFI, Secure Boot, yaani ulinzi wa UEFI unaozuia programu isiyoaminika kuwaka kabla ya Windows, na TPM 2.0, kifaa cha kutunza funguo za usalama. Chukua HP ProBook yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, diski ya GB 500 na Windows 10. Vyuma vyake vinatosha. Ila `msinfo32` inasema `Legacy`, na diski haina nyota. Aliyeiwekea Windows alitumia flashi ya mtindo wa zamani, basi.

Si lazima kufomati. Windows 10 tangu toleo la 1703 ina programu inayogeuza diski kutoka MBR kwenda GPT huku mafaili yakibaki. Hata hivyo nakili kwanza mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kugeuza na betri ya laptopu ikiwa imechoka, unaweza kubaki na diski isiyosomeka upande wowote. Chomeka chaja, na hakikisha betri inashika chaji hata chaja ikichomolewa. Kama BitLocker, ulinzi wa Windows unaofunga data za diski, umewashwa, usimamishe kwanza, la sivyo utaulizwa namba ya kufungulia yenye tarakimu 48.

Kabla ya yote ingia Setup kuhakikisha UEFI ipo na haijafungwa kwa neno la siri. Toka bila kuhifadhi. Rudi Windows, fungua Command Prompt kwa `Run as administrator`, ufanye jaribio ambalo halibadilishi kitu:

```
mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS
```

Namba 0 ni ile diski uliyoiona kwenye `list disk` yenye Windows. Jibu zuri ni `Validation completed successfully`. Jibu baya linalotokea sana ni `Disk layout validation failed`, na sababu yake ni zile nafasi nne za MBR. Kugeuza kunahitaji diski yenye sehemu zisizozidi tatu, zote zikiwa za aina ya `Primary`, ili ipatikane nafasi ya ile sehemu mpya ya FAT32. Mashine za hapa mara nyingi zina sehemu ndogo ya kuanzia, C, D aliyoikata fundi kwa ajili ya mafaili, na sehemu ya kurekebishia Windows. Hizo ni nne tayari. Suluhisho safi ni kuhamisha vyote vilivyo D kwenda diski ya nje, kuifuta D kwenye `Disk Management`, kisha kurudia jaribio. Usiifute ile sehemu ndogo iliyoandikwa `System`. Ndiyo inayoiwasha Windows yako sasa hivi.

Jaribio likikubali, endelea:

```
mbr2gpt /convert /disk:0 /allowFullOS
```

Kwa kawaida huchukua muda mfupi tu. Mwishoni itakuambia ubadilishe mazabodi iende UEFI, na haitanii: kuanzia sasa Windows hii haitawaka tena kwa `Legacy`. Ikilalamika kuhusu `ReAgent.xml`, kugeuza kwenyewe kumekwisha salama. Ni sehemu ya kurekebishia tu iliyopoteza anwani, nayo utairudisha baadaye kwa `reagentc /disable` kisha `reagentc /enable`.

Sasa zima kabisa, washa, gonga F10. Nenda `Advanced`, halafu `Secure Boot Configuration`. Utakuta chaguo lililoandikwa `Legacy Support Enable and Secure Boot Disable`. Libadilishe liwe `Legacy Support Disable and Secure Boot Enable`. Hifadhi kwa F10.

Hapa HP inafanya jambo linalowachanganya wengi. Ikijiwasha inaonyesha skrini nyeusi inayosema kuna badiliko linalosubiri, na chini yake tarakimu nne. Inataka uziandike ulivyoziona kisha ubonyeze Enter, kuthibitisha kwamba ni mtu aliyebadilisha na si virusi. Hakuna kisanduku cha kuandikia, na tarakimu hazionekani unapozigonga, hivyo mtu hudhani kibodi imekufa. Ziandike tu kwa mstari wa namba ulio juu ya herufi, kwa sababu zile namba za pembeni huenda bado hazijawashwa. Ukikosea au ukibonyeza Esc, badiliko linaachwa, mashine inarudi `Legacy`, na kwa kuwa diski sasa ni GPT utakutana na 3F0. Hapo rudi Setup ufanye upya.

Windows ikiwaka, fungua tena `msinfo32`. `BIOS Mode` iwe `UEFI`, na `Secure Boot State` iwe `On`. Kisha endesha `tpm.msc` uone `Specification Version` kama ni 2.0. Vikikubali vyote, mashine iko tayari kwa Windows 11.

Betri ya saa inapobadilisha mambo bila wewe

Kuna kisa ambacho hakuna aliyegusa Setup, na bado kompyuta ya mezani inagoma asubuhi. Ndani kuna betri ya duara CR2032 ya volti 3, inayohifadhi saa na, kwenye mashine nyingi, mipangilio ya Setup pale umeme unapokuwa umezimwa. Ikichoka, kila umeme unapokatika saa inarudi nyuma miaka kadhaa na mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kama kiwandani ilikuwa UEFI na Windows yako ni ya `Legacy`, haitawaka. Dalili ni tarehe: ukiingia Setup ukakuta mwaka wa zamani, umeshampata mkosaji. Chomoa waya wa umeme, badilisha betri huku maandishi ya alama ya kujumlisha yakiwa juu, rudisha saa, rudisha `Legacy`, hifadhi. Ukitaka kupima betri ya zamani kwa mita, iliyoshuka chini ya volti 2.7 hivi haifai kurudishwa.

Ukiamua kuweka Windows upya

Flashi nayo ina upande wake. Kwenye Rufus, programu ya kutengeneza flashi ya kuwekea Windows, chagua `GPT` chini ya `Partition scheme`, na `Target system` itajiweka `UEFI (non CSM)`. Kwenye mashine, gonga F9 kwa HP au F12 kwa Dell, Lenovo na Acer kufungua orodha ya kuwashia. Flashi moja inaweza kuonekana mara mbili, ya `UEFI` na ya `Legacy`. Mlango utakaopitia ndio utakaoamua aina ya Windows utakayopata. Ukiingilia `UEFI` na diski bado ni MBR, utasimamishwa kwenye hatua ya kuchagua diski kwa maneno haya: `The selected disk has an MBR partition table`. Kama data zimeshanakiliwa pengine, futa sehemu zote za diski hiyo hapohapo hadi ibaki `Unallocated Space` moja, ichague, bonyeza `Next`. Windows itaipanga yenyewe kwa GPT. Kama hazijanakiliwa, toka, uwashe kwa kawaida, ukanakili kwanza.